Msamaha wa kodi wa chama unapohojiwa: katiba, ukumbi wa harusi na barua ya kujibu

Swali: Assalaam aleikum, Mhasibu. Mimi ni katibu wa chama cha kusaidia watoto masomo hapa Likoni. Tumesajiliwa na Msajili wa Vyama na tuna cheti cha msamaha wa kodi. Sasa KRA wametuandikia kwamba msamaha wetu unachunguzwa, tuwapelekee katiba na ushahidi wa shughuli zetu ndani ya siku 14. Tuna ukumbi tunaoukodisha kwa harusi, na nadhani hilo ndilo lililowashtua. Mwenyekiti anasema tupeleke katiba tu, mengine tungoje waulize. Tuandike nini, na tuambatanishe nini?

Jibu: Waaleikum salaam, Bi. Katibu. Mwenyekiti wako namheshimu, lakini shauri hilo litawaponza. Katiba inaeleza mliyoahidi kuyafanya, na aliyewaandikia anataka kujua mliyoyafanya hasa na njia zilizopita fedha zenu. Tena Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, katika kifungu cha 56, inaweka mzigo wa kuthibitisha juu ya mlipa kodi pale jambo linapofika kwenye shauri. Mkinyamaza, atakayesoma faili lenu hatalazimika kuwatafutia utetezi. Ataandika kwamba chama hakikuonyesha kitu.

Kabla ya kushika kalamu, toa cheti chenyewe ukisome tarehe. Msamaha unaotolewa chini ya aya ya 10 ya Jedwali la Kwanza la Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, hudumu miaka mitano, na Kamishna anaweza kuufuta kabla ya hapo akiwa na sababu ya haki. Ikiwa miaka yenu mitano bado inaendelea, mnajibu hoja ya kufutiwa. Ikiwa imekwisha, basi hata barua nzuri namna gani haitafufua cheti kilichokufa. Mtahitaji ombi jipya kupitia iTax, linalofuata kanuni za 2024 za mashirika ya hisani, na barua yenu itaeleza tu hali ya kipindi kilichopita. Nimeona vyama vikitetea kwa nguvu zote cheti kilichokwisha muda, kwa sababu tu kilitiwa fremu kikatundikwa ukutani na hakuna aliyekisoma tena.

Angalia pia kama ritani za kila mwaka zimewasilishwa. Wengi hudhani kwamba aliyesamehewa kodi amesamehewa na ritani. Sivyo. Chama chenye msamaha huwasilisha ritani kama wengine, ndani ya miezi sita baada ya mwaka wake wa hesabu kwisha, na kodi ya mishahara ya mwajiriwa yeyote anayefikia kiwango cha kukatwa hupelekwa si baada ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Msamaha wenu ni wa mapato ya chama, si wa mshahara wa mlinzi. Kama kuna ritani ya mwaka fulani haijapelekwa, ipelekeni sasa, kabla ya barua kutoka, kisha mseme waziwazi ndani ya barua kwamba ilichelewa na imepelekwa tarehe fulani. Ofisa ataiona kwenye mtambo wake hata msipoitaja, na afadhali aisikie kwenu kwanza.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe, maana barua yenu yote inasimama juu ya sentensi chache za aya hiyo ya 10. Inasamehe mapato ya taasisi, kundi la watu au wakfu usioweza kubatilishwa, wenye sura ya umma, uliowekwa kwa ajili tu ya kuondoa umaskini au dhiki ya umma, au kuendeleza dini au elimu. Maneno mawili yana uzito kuliko mengine yote: sura ya umma, na kwa ajili tu. Ofisa anapofungua katiba yenu, anatafuta kifungu kitakachovunja mojawapo ya maneno hayo.

Na hapa ndipo vyama vyetu vya Pwani hupatikana. Vingi vilizaliwa kama vyama vya kusaidiana: jirani akifiwa tunachanga sanda na gari la mazishi, mwanachama akikwama tunamkopesha, kisha miaka ikipita kazi ikageuka kuwa basari na madarasa. Kazi ilibadilika lakini katiba ilibaki ileile. Ukiisoma unakuta madhumuni (a) ni kusaidia watoto maskini kwa karo, (b) ni kuendesha masomo ya jioni, na (c) ni kushughulikia maslahi ya wanachama wakati wa shida. Hicho kipengele cha (c) ni kitu kizuri kwa ubinadamu wetu, lakini kwa aya ya 10 kinasema kwamba chama hakikuwekwa kwa ajili tu ya umma. Sehemu yake ni mfuko wa wanachama wenyewe.

Soma basi katiba yenu kwa jicho la mgeni, ukitafuta vifungu vitatu. Cha kwanza ni madhumuni, kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Cha pili ni kile kinachokataza mapato na mali ya chama kugawanywa kwa wanachama au viongozi, isipokuwa malipo ya haki kwa kazi iliyofanywa. Cha tatu ni kifungu cha kuvunjwa kwa chama: mali iliyobaki iende kwa chombo kingine chenye madhumuni yanayofanana, isirudi kwa wanachama. Kifungu hiki cha tatu husahaulika sana, na katiba nyingi za zamani husema tu kwamba mali itagawanywa kama mkutano mkuu utakavyoamua. Maneno hayo yanaacha mlango wazi, na ofisa atauona.

Mkikuta kasoro, kuna jambo moja ambalo nakusihi msilifanye: msichape ukurasa mpya mkauingiza katikati ya katiba. Nakala ya katiba yenu iko kwa Msajili wa Vyama, na kulinganisha nakala mbili ni kazi ya dakika chache. Kwa Sheria ya Vyama, Sura ya 108, mabadiliko ya katiba yanahitaji kwanza ridhaa ya Msajili kwa maandishi, kwa hiyo njia ni moja. Pelekeni katiba ilivyo, ikiwa nakala iliyothibitishwa pamoja na cheti cha usajili. Itisheni mkutano kwa notisi ambayo katiba yenyewe inaitaka, mpitishe azimio la kurekebisha kifungu, mwombe ridhaa ya Msajili, kisha mwambatanishe kwenye barua kumbukumbu za mkutano na nakala ya ombi lenye muhuri wa kupokelewa. Na kwa miaka iliyopita onyesheni kwa hesabu kwamba kipengele kile hakikutumika, kwamba hakuna shilingi ya chama iliyokwenda kwa mwanachama. Kama ilitumika, semeni ni kiasi gani na lini. Kiasi kidogo kilichotajwa wazi kinaweza kuelezeka, lakini kikigunduliwa baadaye kitatia shaka kila karatasi nyingine mliyopeleka.

Kuhusu ukumbi, hisia yako huenda ni sahihi, ingawa habari yenyewe ni nzuri kuliko unavyodhani. Aya ya 10 haikatazi chama kupata faida ya biashara. Inasema faida hiyo haitasamehewa isipokuwa itumike yote kwa madhumuni ya chama, na pamoja na hilo itimize moja kati ya mambo matatu: biashara iwe ni sehemu ya utekelezaji wenyewe wa madhumuni, au kazi ya biashara hiyo ifanywe hasa na wanufaika wa chama, au faida iwe ni pango la ardhi au jengo pamoja na vitu vinavyokodishwa navyo. Kukodisha ukumbi ni pango. Viti, meza na vipaza sauti vinavyokodishwa pamoja na ukumbi vinaingia humo humo.

Tatizo ni yale yanayouzunguka ukumbi. Msimu wa harusi baada ya Ramadhani, mtu hukodi ukumbi na viti vyake, na hilo ni pango. Mwingine anakuja na pikapu kuchukua viti 200 akafanyie shughuli nyumbani kwake Mtongwe. Viti hivyo havikukodishwa pamoja na jengo lolote, kwa hiyo ni biashara ya kukodisha viti, na kifungu cha pango hakiwezi kuibeba. Wa tatu anataka ukumbi na biriani ya watu 300 ipikwe na kamati ya jikoni ya chama. Ukumbi ni pango, biriani ni upishi wa biashara. Mkiandika yote matatu kwenye kitabu kimoja cha risiti kwa jina la "ukumbi", mmeichafua sehemu safi kwa sehemu ndogo yenye mashaka.

Niruhusu nikupigie mfano wa mwaka mmoja. Tarakimu ni zangu, nawe utaweka zenu. Tuseme mwaka 2023 chama kilipokea shilingi 2,460,000. Kati ya hizo, michango ya wanachama na wahisani ilikuwa 1,380,000, pango la ukumbi na viti vyake 750,000, viti vilivyotoka peke yake 90,000, na upishi 240,000. Upande wa matumizi, basari zilichukua 1,100,000, madarasa ya jioni 480,000, mlinzi, umeme na ukarabati wa ukumbi 240,000, usafiri wa viti 20,000, vyakula na wapishi 170,000, na ofisi 160,000. Jumla ya matumizi ni 2,170,000, na ziada ni 290,000.

Kwa hesabu hiyo, michango ya 1,380,000 peke yake isingetosha basari na madarasa, ambayo yaligharimu 1,580,000. Ukumbi ulibakisha 510,000 baada ya gharama zake, na ndio ulioziba pengo hilo la 200,000 na kulipa ofisi. Hiyo ni sentensi ambayo ofisa anaihitaji sana, kwa sababu inamwonyesha pango likitumika kwa madhumuni, naye anaweza kuihakiki kwa kalamu na karatasi. Faida ya viti vya nje ni 70,000, na ya upishi ni 70,000. Hizo 140,000 ndizo zenye swali, na mkizitenga wenyewe mjadala unabaki juu ya 140,000 badala ya kuzunguka 2,460,000 nzima.

Je, upishi unaweza kuokolewa? Inategemea nani anapika. Kama akina mama wa jikoni ni wazazi wa familia maskini ambazo chama kinazihudumia, na katiba inazitaja familia hizo kuwa wanufaika, na majina yao yalikuwa kwenye daftari la wanufaika kabla barua haijafika, basi mnaweza kusema kwamba kazi inafanywa hasa na wanufaika. Hoja hiyo ni halali. Ikiwa wapishi ni mafundi wa kukodishwa, msijaribu. Kubalini kwamba faida ile ndogo ni ya kutozwa na mwombe ihesabiwe peke yake. Msitengeneze daftari la wanufaika leo ili lifae barua ya kesho.

Ziada ya 290,000 nayo itaulizwa, kwa maana sheria inataka faida itumike, na fedha zilizolala huleta maswali. Jibu lake lipo kwenye kalenda ya shule. Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari, na chama cha basari lazima kiwe na fedha mwezi Desemba. Ambatanisheni kumbukumbu za kikao cha Desemba kilichoazimia ziada hiyo ilipe karo, taarifa ya benki ya tarehe 31 Desemba inayoionyesha, na ya Januari na Februari inayoonyesha ikitoka kwenda shuleni. Kama hakukuwa na azimio, taarifa za benki peke yake bado zina nguvu, ila anzeni mwaka huu kuazimia kwa maandishi.

Nije kwenye ushahidi wa shughuli, ambao ndio watu wengi huukosea kwa kupeleka albamu ya picha. Picha ya kiongozi akikabidhi hundi kubwa ya kadibodi mbele ya bango haina tarehe inayothibitika, na haisemi fedha zilifika wapi. Ofisa anaamini mnyororo wenye pete tatu: uamuzi, malipo, na kufika kwa mhusika. Chukua mtoto mmoja. Kuna kumbukumbu za kamati ya basari ya tarehe fulani, zinazosema ombi nambari 17 limepitishwa kwa shilingi 18,000, na kwa nini. Kuna hundi au malipo ya benki ya 18,000 yaliyoandikwa kwa jina la shule, si kwa jina la mzazi wala la mwanakamati. Kuna risiti ya shule yenye nambari ya mwanafunzi na kiasi kilekile. Karatasi hizo tatu zikibanwa pamoja kwa pini, ni nzito kuliko kurasa 50 za ripoti. Fanyeni hivyo kwa wanafunzi 15 au 20 wa kila mwaka, waliochaguliwa kwa kufuata nambari bila kubagua mafaili mazuri, na mseme ndani ya barua kwamba mafaili mengine yote yako ofisini na yanaweza kukaguliwa siku yoyote.

Malipo yaliyopita kwa mzazi taslimu au kwa simu yatakuwapo. Hakuna chama kisichokuwa nayo. Kwa hayo tafuteni risiti ya shule ya tarehe inayokaribia, na ujumbe wa M-Pesa uonekane kwenye taarifa rasmi ya laini ya chama. Kama fedha zilitoka kwenye simu ya mweka hazina kisha akarudishiwa, elezeni hivyo na mwonyeshe marejesho yake benki. Jambo hili ni baya kuliko linavyoonekana, kwa sababu mbele ya ofisa fedha iliyoingia kwenye simu ya kiongozi ni fedha iliyokwenda kwa kiongozi mpaka ithibitike vinginevyo.

Kwa madarasa ya jioni, daftari la mahudhurio ndilo shahidi mkuu. Pelekeni nakala yake lilivyo, na kalamu zake tofauti, na majina yaliyokosewa yakakatwa, na ukurasa ulionyeshewa mvua. Niliwahi kusaidia chama kimoja ambacho katibu wake, kwa nia njema kabisa, aliona daftari limechakaa akakaa usiku mmoja akalinakili lote upya kwa kalamu moja ya buluu na mwandiko wa kupendeza. Mkaguzi aliligeuza kurasa mbili tatu, akauliza kwa upole ilikuwaje darasa lihudhuriwe na wanafunzi 31 siku ya Idd. Katibu alikuwa amejaza kila Jumanne na Alhamisi bila kutazama kalenda. Daftari la kweli lilikuwapo, kabatini, na hakuna aliyeliamini tena lilipoletwa. Walichukua miezi mingi kurejesha imani iliyopotea kwa usiku ule mmoja.

Majina ya watoto yahifadhiwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu ninyi pia, na data ya mtoto ina ulinzi wa pekee. Mamlaka ya kodi ina uwezo wa kisheria kudai kumbukumbu, lakini hiyo haiwalazimishi kumwaga picha za watoto na historia za familia zao kwenye bahasha. Tumieni nambari za mafaili na nambari za shule, funikeni mambo ya afya na ya kifamilia kwenye nakala, na mseme kwamba nakala kamili zitaonyeshwa ofisini kwenu zikihitajika.

Barua yenyewe iwe ya kurasa mbili au tatu. Inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya inakitambua kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini kama barua yao na katiba yenu viko kwa Kiingereza, kufuata lugha hiyo kutamrahisishia ofisa kulinganisha vifungu. Anzeni kwa nambari yao ya kumbukumbu, PIN ya chama, nambari ya cheti cha msamaha na tarehe zake, na siku mliyoipokea barua. Kisha kiini chake kiende hivi:

"Tunaandika kujibu barua yenu iliyotajwa hapo juu. Chama chetu kinaomba msamaha kiliopewa chini ya aya ya 10 ya Jedwali la Kwanza uendelee, kwa kuwa kimewekwa kwa ajili ya kuendeleza elimu ya watoto wa familia maskini na mapato yake yanatumika kwa jambo hilo hapa Kenya. Madhumuni hayo yako katika kifungu cha 3 cha katiba (Kiambatisho A, ukurasa wa 2). Katazo la kugawana mali liko katika kifungu cha 11 (ukurasa wa 6), na utaratibu wa mali chama kinapovunjwa uko katika kifungu cha 19 (ukurasa wa 9).

Katika mwaka 2023 chama kilitumia shilingi 1,580,000 kwa basari na madarasa ya jioni, kama zinavyoonyesha hesabu zilizokaguliwa (Kiambatisho B, ukurasa wa 14). Uthibitisho wa malipo ya wanafunzi 20, kuanzia uamuzi wa kamati hadi risiti ya shule, uko katika Kiambatisho C. Madaftari halisi ya mahudhurio yako tayari kukaguliwa, na nakala zake ziko katika Kiambatisho D.

Chama kinapata pango la ukumbi wake, ambalo mwaka huo lilibakisha shilingi 510,000 baada ya gharama na kutumika kwa madhumuni yaliyotajwa. Aidha kilipata faida ya shilingi 70,000 kwa kukodisha viti nje ya ukumbi na shilingi 70,000 kwa upishi. Tumezitenga faida hizi mbili katika Kiambatisho E ili ziangaliwe peke yake, na tunaeleza msimamo wetu juu ya kila moja katika ukurasa wa kwanza wa kiambatisho hicho."

Fanyeni vivyo hivyo kwa kila mwaka ulioulizwa. Utaona kwamba kila sentensi ya madai ina ukurasa wake. Kwa hiyo pigeni nambari kurasa zote za viambatisho mfululizo, kutoka 1 hadi ya mwisho, hata zikifika 180. Nambari zinazoanza upya kwenye kila kiambatisho humpoteza msomaji. Utaona pia kwamba hakuna maelezo ya huruma wala sifa za wahisani. Hayo hayamo kwenye kipimo cha sheria, na nafasi yake ni bora iachiwe tarakimu.

Ndani ya barua ombeni mambo mawili ya mwisho: kwamba kama kuna karatasi inayokosekana mwarifiwe kwa maandishi kabla ya uamuzi, na kwamba mpewe nafasi ya kusikilizwa na kupewa sababu kama Kamishna anaelekea kuufuta msamaha. Ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 zinawapa haki hizo, na kuziomba mapema kunaziweka kwenye kumbukumbu.

Siku 14 zinapita upesi, hasa ikiwa mkaguzi wenu wa hesabu yuko ng'ambo ya kivuko na risiti ziko nyumbani kwa watu watatu tofauti. Mkiona mnakaribia siku ya kumi na hazijakusanyika, andikeni kuomba muda wa nyongeza kabla ya siku ya mwisho, mtaje siku mnazohitaji na kitu kinachosubiriwa, na mwambatanishe katiba na hesabu zilizo tayari. Ombi lenye karatasi ndani yake hupokewa tofauti na ombi tupu. Msipeleke hati halisi ya kitu chochote, pelekeni nakala. Pelekeni kwa mkono, nakala ya pili ya barua yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye ukurasa wa kwanza na kwenye orodha ya viambatisho, kisha mtume nakala kwa anwani ya barua pepe iliyo kwenye barua yao.

Uamuzi ukija dhidi yenu, hesabuni siku 30 kuanzia siku mliyoarifiwa, na msizitumie siku hizo kufanya mazungumzo peke yake. Kama wametoa na makadirio ya kodi, pingamizi la maandishi hupelekwa kwa Kamishna ndani ya siku hizo 30, likitaja sababu, marekebisho mnayotaka na hati zinazoliunga mkono, naye ana siku 60 za kulitolea uamuzi. Kama ni kufutiwa msamaha tu bila makadirio, mwoneni wakili wa kodi wiki hiyo hiyo, kwa sababu njia inaweza kuwa moja kwa moja kwenye Baraza la Rufaa za Kodi, na huko pia notisi ya rufaa ni ndani ya siku 30, ikifuatiwa na hoja za rufaa ndani ya siku 14 baada ya notisi. Kwa sababu hiyo bahasha ya uamuzi ikifika, andika juu yake tarehe, saa na jina la aliyeipokea kabla hujaifungua, kisha upige nakala yake na kuiweka kwenye faili lenye barua yenu iliyopigwa muhuri.